Shajara ya mradi: Tausi anabana maziwa

6 Februari 2024: tulipoanzia

Banda letu liko nje kidogo ya mji wa Muheza, mkoani Tanga. Ng'ombe anayehusika zaidi na shajara hii ni Tausi, chotara wa Friesian, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, na Boran, ambaye ni zebu, aliye kwenye mzao wake wa pili. Wengine wawili watatajwa mbele: Malkia, mtamba mwenye mimba na robo tatu ya damu ya Friesian, na Kahawia, zebu wa kienyeji. Ninaandika kwa sababu majirani kadhaa wanataka kuingia kwenye chotara, na waliokwisha kuingia wamekwama pale pale tulipokwama sisi: ng'ombe ana maziwa kiweleni ila hayaachii.

Tausi alizaa tarehe 12 Januari, ndama jike. Siku za dang'a, maziwa mazito ya mwanzo, zilipokwisha tukawa tunapata lita 7 kwa siku za kuuza, ndama akiwa pembeni na akinyonya kinachobaki. Tarehe 27 tukawatenganisha. Mpango ulikuwa ule wa kawaida wa mashamba ya ng'ombe wa kisasa: ndama anakaa kibanda chake na kunyweshwa lita 4 kwa siku kwa ndoo, mama anakamuliwa peke yake, na kila lita inajulikana imekwenda wapi.

Tangu hapo Tausi anatoa kati ya lita 2 na 4 kwa siku nzima. Ndama peke yake anazihitaji hizo 4. Hatuuzi kitu.

21 Februari: mashudu hayakusaidia

Tulidhani kwanza ni chakula. Tukaongeza kilo 2 za mashudu ya alizeti kwa siku juu ya pumba na majani ya matete. Mashudu ni sh 800 kwa kilo, kwa hiyo wiki mbili zimekula sh 22,400. Maziwa hayakupanda. Tausi amenenepa kidogo, basi.

Kitu chenye faida katika wiki hizo mbili ni daftari. Tulianza kupima kila mkamuo kwa jagi lenye alama, na namba zikaonyesha jambo ambalo jicho halikuliona. Asubuhi moja lita 1.4, jioni 1.9, kesho yake asubuhi 3.1, jioni 0.9. Ng'ombe anayekosa chakula hashuki hivyo. Maziwa yake hupungua kidogo kidogo na kutulia chini. Tausi anaruka juu na chini, na mara nyingi baada ya mkamuo mbaya sana hufuata mmoja mzuri kiasi. Maana yake kuna maziwa yanayohama kutoka mkamuo mmoja hadi mwingine. Yapo, ila hayatoki.

Mkamuaji wetu, kijana mwenye mkono mzuri, alikuwa ameshalisema hilo kwa lugha yake: "Bosi, huyu anayo. Ananibania." Nilikaa karibu naye jioni moja nikaangalia. Michirizi ya kwanza inatoka minene na inapiga ndoo kwa kelele. Kabla ndoo haijafika lita moja na nusu, mchirizi unakuwa uzi, kisha matone, huku kiwele bado kigumu ukikishika kwa juu. Akiendelea kuvuta, Tausi anarusha mguu. Ng'ombe aliyekwisha kutoa maziwa yote kiwele chake hulegea na ngozi ya nyuma hujikunja. Cha Tausi kilibaki kimejaa kama hakijaguswa.

Kabla ya kwenda mbali tuliondoa uwezekano wa ugonjwa wa kiwele. Michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi haikuwa na vidonge wala majimaji, na kipimo cha dawa ya bluu kwenye sahani yenye vikombe vinne hakikuganda popote.

27 Februari: sindano moja, ya kupimia tu

Mtaalamu wa mifugo alikuja asubuhi. Alituacha tukamue kama kawaida mpaka maziwa yakakatika: lita 1.6. Kisha akampiga Tausi sindano ya oksitosini, homoni ya kuteremsha maziwa, kipimo kidogo, kwenye mshipa. Tulisubiri kama dakika moja. Chuchu zilizokuwa zimenywea zikajaa, zikasimama, na ya nyuma kushoto ikaanza kudondosha yenyewe. Tukakamua tena, tukapata lita 3.4.

Kwa hiyo asubuhi ile Tausi alikuwa na lita 5 ndani, na alikuwa ametupa chini ya theluthi moja.

Jioni tuliweka maziwa ya mikamuo hiyo miwili kwenye chupa mbili za plastiki zinazofanana, tukazilaza kwenye friji. Asubuhi chupa ya kwanza ilikuwa na utepe mwembamba wa krimu juu, unene wa kucha. Ya pili ilikuwa na krimu ya upana wa vidole viwili, ya manjano. Maziwa ya mwanzo huwa mepesi kwa mafuta na ya mwisho ndiyo mazito, kwa hiyo ng'ombe anayebana anakunyima wingi na mafuta kwa pamoja. Kama unauzia kituo kinachopima mafuta, namba za mafuta zikishuka ghafla bila chakula kubadilika, angalia ukamuaji kwanza.

Maelezo ya mtaalamu, kwa kadiri nilivyoyaelewa na kuyasoma zaidi baadaye, ni haya. Kiwele si ndoo, ni sifongo. Maziwa hutengenezwa saa zote ndani ya vifuko vidogo mno, na mengi hubaki humo humo, yameshikwa na njia nyembamba. Sehemu ndogo tu huteremka yenyewe hadi kwenye hifadhi iliyo juu ya chuchu. Kwa ng'ombe wa maziwa wa Ulaya ni kama moja ya tano, na kwa zebu na machotara wake huwa pungufu ya hapo. Hiyo ndogo unaweza kuitoa bila ridhaa ya ng'ombe. Iliyobaki haivutiki kwa mkono hata uwe na nguvu gani.

Ili iteremke, lazima ubongo upate ishara: ndama anasukuma kiwele, au mkono wa vuguvugu unasugua chuchu, au ng'ombe anasikia na kuona mambo aliyoyazoea kabla ya kukamuliwa. Tezi ya pituitari chini ya ubongo inaachia oksitosini kwenye damu, inafika kwenye kiwele, na misuli myembamba inayozunguka vile vifuko inajikaza na kuyasukuma maziwa chini. Kiwele kikiwa kimejaa, hilo huchukua kama dakika moja tangu kuguswa. Kikiwa hakijajaa sana, au ng'ombe yuko mwishoni mwa mzao, linaweza kufika dakika mbili au kuzidi. Na homoni hiyo haikai, dakika chache tu nguvu yake imeisha kwenye damu.

Tausi katika mzao wake wa kwanza, kwa mwenye ng'ombe aliyetuuzia, aliteremsha maziwa kwa ishara moja tu, ndama. Tulimwondolea hiyo ishara bila kumpa nyingine.

Niliuliza kama tunaweza kununua hiyo dawa tukaendelea nayo wenyewe. Jibu lilikuwa hapana, na sababu yake inafaa kuandikwa. Ng'ombe anayepigwa oksitosini kila siku, mwili wake huacha kuitikia vizuri ile homoni yake mwenyewe. Ukiacha sindano anabana zaidi ya alivyokuwa. Kwetu ilikuwa kipimo cha mara moja tu. Gharama ya ziara na dawa: sh 20,000.

Kuna haraka pia. Maziwa yanayobaki ndani huambia kiwele kipunguze kutengeneza. Tukizubaa mwezi mwingine, zile lita 5 za asubuhi hazitakuwepo hata kwa sindano, na Tausi atakauka mapema.

9 Machi: kumrudisha ndama

Tulidhani ni suala la kufungua mlango. Kumbe pande zote mbili zilikuwa zimesahau. Ndama, baada ya mwezi wa ndoo, alifika kwa mama akaanza kulamba magoti ya mkamuaji akitafuta ndoo. Tausi alimnusa, akampiga teke.

Kilichosaidia ni kwamba kibanda cha ndama kilikuwa ukuta mmoja na zizi la Tausi, kwa hiyo walikuwa wanasikiana na kunusana wakati wote. Angekuwa ameuzwa au amewekwa mbali sidhani kama tungefanikiwa. Tulimpaka ndama maziwa ya mama yake mgongoni na kwenye mkia, tukanyunyiza chumvi juu, tukamfunga mbele ya Tausi wakati anakula. Siku ya kwanza alinusa akaacha. Siku ya pili akalamba chumvi, na akiisha kulamba hakupiga tena. Ndama alifundishwa chuchu upya kwa kidole chenye maziwa, kisha kidole na chuchu pamoja, kisha chuchu peke yake. Ilichukua siku nne za uvumilivu na shati moja lililochanika.

Utaratibu tuliouweka sasa: ndama analetwa, ananyonya kila chuchu kidogo, nusu dakika hivi kwa jumla, ya kutosha maziwa kushuka. Unajua yameshuka pale ndama anapoacha kusukuma kwa kichwa na kuanza kumeza mfululizo, povu likionekana pembeni mwa mdomo. Hapo anatolewa na kufungwa mbele, karibu na shingo ya mama, mahali anapoweza kumlamba. Chuchu zinaoshwa, zinafutwa zikauke, na mkamuaji anaanza bila kupoteza muda. Akimaliza, ndama anarudi kunyonya yaliyobaki kwa nusu saa. Dawa ya kuchovya chuchu tunaitumia baada ya ndama kumaliza, maana tukiiweka kabla anailamba yote.

Wiki ya kwanza wastani umefika lita 5.5 za kwetu kwa siku, mbali na anazonyonya ndama. Mbao za kufungia ndama na kugawia kibanda: sh 30,000.

30 Machi: Tausi anamwekea mwanawe

Lita 5.5 ni nzuri kuliko 3, lakini sindano ilituonyesha asubuhi peke yake kuna 5. Zinakwenda wapi? Tulinunua mizani ya kuning'iniza, sh 38,000, tukashona mkanda wa gunia wa kumbebea ndama. Unampima kabla ya kunyonya na mara tu baada ya kunyonya, na tofauti ndiyo maziwa aliyokunywa. Akikojoa au kunya katikati, kipimo hicho kitupe.

Asubuhi moja: kilo 48.0 kabla, 49.9 baada. Karibu lita 2 alizipata baada ya mkamuaji kusema "yamekwisha". Tulirudia siku kadhaa na wastani ukawa 1.8 asubuhi na 1.5 jioni. Hayo ndiyo yale mazito yenye krimu, na ndiyo maana ndama wanaonyonya mwishoni wananawiri kwa kiasi kidogo cha maziwa.

Hapa kuna ujanja wa ng'ombe ambao wafugaji wengi wanaujua bila kuuandika. Mama akishajua kwamba ndama atarudishwa dakika ile ile ndoo inapoondoka, anajifunza kubakiza. Tukajaribu kuchelewesha: baada ya kukamua, ndama anakaa saa mbili ndipo anarudishwa. Kabla ya kukamua bado anaonja, na wakati wa kukamua bado anaonekana. Kilichobadilika ni kwamba kumaliza kukamua hakufuatwi tena na kunyonya papo hapo.

Haikuleta kitu siku za mwanzo, tena kwa siku mbili Tausi alibana zaidi na kulia sana. Kisha maziwa yetu yakapanda hadi lita 6.3, na ndama akawa anapata kama 1.3 kila mara. Lakini mizani ile ile ikatuambia upande wa pili: ndama alipunguza kasi ya kukua. Tukaacha chuchu moja ya nyuma bila kuikamua asubuhi, tukabadilisha chuchu kila siku, na tukamwekea ndama pumba kidogo na majani makavu. Maziwa ya kuuza yametulia kwenye 5.9. Anayetaka 6.3 anaweza kuipata, ila ajue inatoka kwenye mbavu za mtamba wake wa kesho.

18 Aprili: siku mbaya zina ratiba

Masika yameanza na daftari lina mashimo. Siku nyingi ni lita 6 kasoro, halafu inatokea 3.8. Tuliongeza safu moja kwenye daftari, "nini kilitokea", tukaandika hata visivyo na maana. Mambo matatu yakajitokeza.

La kwanza ni kupulizia dawa ya kupe. Tulikuwa tunapulizia mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kukamua, kwa sababu ng'ombe tayari wako kwenye kizuizi. Kila asubuhi ya dawa iko chini. Tumehamishia saa nne, baada ya maziwa kwenda kituoni. Halikugharimu chochote, na ndilo lililorudisha maziwa mengi zaidi.

La pili ni mkamuaji wa kushika nafasi. Kijana wetu aliposafiri kwao tulimwita mtu wa jirani. Mikono yake haikuwa na tatizo, lakini alimchapa Tausi fimbo siku ya kwanza alipogoma kuingia. Baada ya hapo Tausi alikuwa akimwona tu mlangoni anainua kichwa, anakunya, na kiwele kinakatika kwenye lita moja na kitu, hata ndama akiwepo. Siku hizo hakuna fimbo iliyotumika tena, lakini alishamjua.

Sababu yake inafahamika zamani. Mwaka 1941 watafiti Ely na Petersen walichapisha majaribio ambamo waliwashtua ng'ombe kwa kuwawekea paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi, na maziwa hayakuteremka. Ng'ombe akiogopa, ubongo unazuia oksitosini isitoke, na adrenalini nayo inabana mishipa ya damu na njia za maziwa, kwa hiyo hata ile homoni kidogo iliyotoka haifanyi kazi yake ipasavyo. Hali hiyo haiishi mara moja. Inaweza kukaa nusu saa. Ndiyo maana kuendelea kuvuta, au kuongeza kamba miguuni, ni kupoteza muda. Kinachofanya kazi kwetu: mwache, mpe majani, fanya kazi nyingine, rudi baada ya dakika 30 uanze utaratibu mwanzo kabisa, na ndama.

La tatu tuliligundua kwa saa ya simu, na simu yenyewe ndiyo iliyokuwa na kesi. Mkamuaji anaosha chuchu, simu inalia, anatoka kupokea, anarudi baada ya dakika sita. Kwa wakati huo homoni iliyoachiwa imeshapotea na nusu ya kazi imefanyika bure. Sasa simu inaachwa kwenye kigingi nje. Tangu mguso wa kwanza mpaka mkono kuanza kukamua tunalenga dakika moja, kidogo zaidi jioni ambapo kiwele hakijajaa sana, na tukishaanza hatusimami mpaka mwisho.

Mvua yenyewe, kelele za bati, sikuona kama zinapunguza. Ng'ombe wetu wamezizoea.

15 Mei: ndama wa Kahawia amekufa

Ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Kahawia alikuwa anatoa lita 1.5 kwa siku pamoja na ndama. Jioni ile ile alikata kabisa. Hata zile za kwenye hifadhi ya chuchu zilitoka vikombe viwili tu. Zebu akifiwa na ndama, kwa kawaida mzao huo umeisha.

Mzee jirani yetu, Mmasai, alikuja kabla hatujazika. "Mwanangu, usizike ngozi," aliniambia. Tulimchuna ndama, tukaipaka ngozi chumvi upande wa ndani, tukaianika kivulini. Wakati wa kukamua ngozi inatundikwa kwenye kigogo mbele ya Kahawia, upande wa manyoya ukiwa juu, na chumvi kidogo inanyunyizwa. Siku ya kwanza alinusa sana na kulia. Siku ya pili akalamba, na alipokuwa analamba mkamuaji akahisi chuchu zinajaa mkononi. Lita 0.8. Imefika 1.2 na imesimama hapo.

Tahadhari moja isirukwe na anayetaka kuiga: kama ndama au ng'ombe amekufa ghafla bila ugonjwa unaoeleweka, au damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, usimchune na usimpasue. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Mwite mtaalamu. Ndama wetu alikuwa ameshapimwa na kutibiwa, ndiyo maana tulithubutu.

Ngozi pia haidumu. Isipokauka vizuri inaoza, harufu ya mtoto wake inapotea, na Kahawia anaipuuza. Yetu tuliirudishia chumvi mara mbili.

Tausi amepandishwa tarehe 22 mwezi huu (naongeza hapa baadaye). Alichelewa kupata joto, miezi minne tangu kuzaa. Kunyonyesha huchelewesha joto kwa ng'ombe wengi, na hiyo ni gharama isiyoonekana kwenye jagi; iingizeni kwenye hesabu.

2 Julai: Malkia, bila ndama tangu mwanzo

Malkia alizaa tarehe 11 Juni. Kwake tulitaka kujua kama mtamba ambaye hajawahi kukamuliwa na ndama pembeni anaweza kufundishwa ishara nyingine.

Wiki tatu kabla ya kuzaa alianza kuingizwa mahali pa kukamulia kila asubuhi na jioni, saa zile zile. Alipewa pumba zake kwenye ndoo ile ile ya njano, akasuguliwa mgongo, kisha paja, na mwishoni kiwele kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Hakukamuliwa, kukamua kabla ya kuzaa kunamaliza dang'a. Mtu aliyefanya hivyo ni yule yule mmoja. Alipozaa, ndama alinyonya dang'a siku tatu, akahamishiwa ndoo, mbali na macho.

Sasa anatoa lita 9 kwa siku na mikamuo yake inafanana, tofauti kati ya siku na siku ni ndogo. Ndoo ya njano inapogonga ukuta unaona chuchu zinaanza kujaa kabla hajaguswa. Jumapili moja tulitumia ndoo ya bluu na kuanza saa moja baadaye kwa sababu ya msiba kijijini. Akatoa lita 2.6 asubuhi badala ya 5.

Siwezi kusema ni mafunzo peke yake. Damu yake ya Friesian ni nyingi kuliko ya Tausi, na ng'ombe hao kwa asili huteremsha kwa mkono kirahisi zaidi. Kwa zebu kama Kahawia nisingejaribu. Kwa chotara wa nusu kwa nusu, kama unataka kumkamua bila ndama, anza kabla ya mzao wa kwanza. Ukingoja wa pili utakuwa unamfuta tabia, na hilo sisi lilitushinda.

24 Agosti: kumwachisha ndama wa Tausi

Ndama ana miezi saba na anakula vizuri. Hatukumwondoa kwa mara moja. Wiki mbili za kwanza alionja kabla ya kukamua lakini hakurudishwa kunyonya baadaye. Wiki mbili zilizofuata hakuonja, alifungwa tu mbele akionekana, na kuonja kukachukuliwa na kitambaa cha vuguvugu na ndoo ya pumba. Alipoacha kuonja maziwa yalishuka kutoka 5.2 hadi 4.1, yakarudi 4.7. Tulipojaribu kumficha kabisa yalikwenda 2.9 kwa siku mbili mfululizo, tukamrudisha mbele. Ataendelea kufungwa pale mpaka Tausi akaushwe mwishoni mwa mwaka, miezi miwili kabla ya kuzaa tena.

Jumla ya fedha tulizotumia kutafuta tatizo hili: mashudu 22,400, mtaalamu na sindano 20,000, mbao 30,000, mizani 38,000. Ni sh 110,400. Kwa bei ya sh 1,100 kwa lita, lita 5.9 ni sh 6,490 kwa siku, na mwezi Februari tulikuwa hatuuzi hata moja. Nikianza upya leo ningenunua jagi na mizani kabla ya mashudu.

Tausi anatarajiwa kuzaa mwanzoni mwa Machi 2025. Ndama atakayezaliwa hatatenganishwa, ataanza utaratibu wa kuonja, kufungwa mbele na kurudi baada ya saa mbili mara dang'a itakapoisha. Ndama wake huyu wa sasa ameshaanza kuingizwa mahali pa kukamulia mara moja kwa wiki, na ndoo ya njano.